Kibano, kisu na nywele za kope: Muuguzi wa Mlali na mgonjwa aliyekataa upasuaji

Trakoma, ambayo wengi huiita ugonjwa wa vikope, huanza utotoni na huja kudai gharama yake uzeeni. Bakteria aitwaye Klamidia trakomatis huingia jichoni kwa njia ya vidole, vitambaa na nzi watuao kwenye nyuso zenye matongo. Maambukizi ya mara moja hupona. Yanaporudiarudia kwa miaka mingi huacha makovu upande wa ndani wa kope ya juu. Makovu hayo hujikunja taratibu, huivuta kope kwa ndani, na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo kilichokwaruzwa muda mrefu huota kovu jeupe, na kovu hilo ndilo linaloondoa uwezo wa kuona.

Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, inajulikana sana katika elimu ya ugonjwa huu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, wamefanya uchunguzi katika vijiji vyake, na mwaka 1995 utafiti wao wa kuosha nyuso za watoto wa Kongwa ulichapishwa na kusomwa duniani kote. Watafiti hao walichunguza pia jambo jingine lililowasumbua wahudumu: kwa nini wanawake wengi wenye nywele za kope zinazokwaruza jicho huelezwa kuhusu upasuaji, lakini hawaendi kufanyiwa.

Kisa kinachosimuliwa hapa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, na ndiyo maana wahusika wake hawana majina. Mahali pake ni Mlali, kata mojawapo ya Kongwa. Maradhi, vipimo na matibabu yanayotajwa ni ya kweli.

Mgonjwa na kibano chake

Bibi mmoja mwenye umri wa miaka ipatayo 60 alifika kituo cha afya akiongozana na mjukuu wake wa kike wa miaka 14. Hakuja kwa ajili ya macho. Alikuja kwa sababu ya kikohozi. Muuguzi aliona kwamba bibi alikuwa akifumba jicho la kulia kila alipotazama mlangoni kwenye mwanga, na kwamba shingoni alivaa uzi wenye kibano kidogo cha chuma, cha aina wanayotengeneza mafundi wa vijijini. Kwa mhudumu wa nyanda hizi, kibano shingoni mwa mwanamke mzee ni dalili sawa na homa.

Baada ya kushughulikia kikohozi, muuguzi aliomba ruhusa ya kuyatazama macho. Alimwambia bibi atazame mbele moja kwa moja, akamulika kwa tochi kutoka upande, akiwa amevaa miwani ya kukuzia. Jicho la kushoto lilikuwa na nywele 2 zinazogusa jicho, zote pembeni, upande wa sikio, na kioo chake kilikuwa safi. Jicho la kulia lilikuwa na nywele 7, kadhaa zikiwa katikati, mbele ya mboni. Ukingo wa kope ulikuwa umeingia ndani, na kwenye kioo palikuwa na ukungu mwepesi. Kando ya nywele hizo kulikuwa na visiki vifupi vilivyokatika. Kwa jicho hilo bibi aliweza kuhesabu vidole kwa umbali wa mita 3 tu.

Muuguzi, ambaye alikuwa amefundishwa kwamba tiba ya hali hiyo ni upasuaji, alieleza hivyo mara moja. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole:

“Mwanangu, kisu kikigusa jicho, jicho linakufa. Mimi nang'oa mwenyewe, na nikishang'oa naona nafuu.”

Muuguzi alirudia maelezo yake, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, akaongeza kwamba bibi atapofuka. Bibi alifunga kanga yake na kuanza kunyanyuka.

Hapo ndipo mazungumzo mengi ya namna hii yanapokufa. Mhudumu huandika kwenye faili “amekataa”, mgonjwa hurudi kwenye kibano chake, na kila mmoja hubaki akiamini kwamba mwenzake hasikii.

Kuuliza kabla ya kushawishi

Muuguzi huyu hakuandika neno hilo. Alimwomba bibi aketi tena, akasema: “Bibi, samahani, nimesema mengi bila kukuuliza. Ningependa kujua wewe unalionaje jambo hili.” Kisha akauliza maswali machache, akaacha kila jibu limalizike.

Maswali ya namna hiyo yana historia katika taaluma ya tiba. Mwaka 1978 Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake, walipendekeza kwamba mhudumu amuulize mgonjwa anadhani ugonjwa wake umesababishwa na nini, kwa nini ulianza wakati ule ulioanza, anaogopa nini zaidi, na anadhani anastahili tiba gani. Maswali hayo hayaulizwi kwa adabu tu. Humpa mhudumu taarifa ambazo tochi na miwani ya kukuzia haziwezi kumpa.

Majibu ya bibi yalikuwa haya. Ugonjwa aliuita nywele za jicho. Alidhani chanzo chake ni moshi wa jikoni na uzee, kwani mama yake pia alikuwa nao. Nafuu aliipata kwa kung'oa, na baada ya kung'oa alidondoshea jichoni maji ya majani yaliyopondwa ili kutuliza mwasho. Alipoulizwa anaogopa nini zaidi, alinyamaza kwa muda, kisha akasimulia habari za jirani yake aliyepelekwa kufanyiwa upasuaji wa kope miaka mingi iliyopita. “Alikwenda akiona kidogo,” alisema, “na alirudi akiona kidogo hivyo hivyo, na baadaye nywele zikaota tena, na sasa haoni kabisa. Basi kisu kilimfaa nini?”

Kuchambua imani sehemu kwa sehemu

Kosa rahisi ni kuichukua imani ya mgonjwa kama kitu kimoja, ikubaliwe yote au ikataliwe yote. Imani ya bibi ilikuwa na sehemu nne, na kila sehemu ilihitaji jibu lake.

Sehemu ya kwanza ilikuwa kung'oa nywele. Hapa bibi alikuwa na hoja yenye uzito kuliko muuguzi alivyodhani. Nchini Ethiopia wagonjwa 1,300 wenye nywele chache, yaani chini ya 6, waligawanywa kwa kura: nusu walifanyiwa upasuaji, na nusu walipewa vibano bora na kufundishwa kung'oa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya miaka 2, hali ya kope ilikuwa imeharibika kwa wagonjwa wapatao 13 katika kila 100 wa kundi la kung'oa, na kwa 2 katika kila 100 wa kundi la upasuaji. Kwa hiyo upasuaji ulikuwa bora kwa kope. Lakini katika uwezo wa kuona na makovu ya kioo, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Ndiyo maana kung'oa kunakubalika kwa mgonjwa mwenye nywele chache, na kwa yule anayekataa upasuaji, mradi afuatiliwe.

Hata hivyo, hoja hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka ulipita katikati ya uso wa bibi. Jicho la kushoto, lenye nywele 2 za pembeni na kioo safi, lingeweza kulindwa kwa kung'oa. Jicho la kulia halikuwa hivyo. Nywele 7, kope iliyojikunja na kioo kilichoanza kuingia ukungu ni hali ambayo kibano huipunguza makali bila kuizuia. Tena visiki vilionyesha kwamba kibano chake kilikuwa kikikata nywele badala ya kuzing'oa na mizizi yake. Unywele uliokatika ni mfupi na mgumu, na hukwaruza kuliko unywele mrefu unaopinda.

Sehemu ya pili ilikuwa maji ya majani, na hiyo ilikuwa hatari. Kioo kilichokwaruzwa ni kidonda kilicho wazi. Maji yasiyo safi huingiza bakteria na ukungu wa maradhi, na kidonda kinaweza kuoza na kuharibu jicho kwa muda wa siku chache, ilhali trakoma yenyewe huchukua miaka. Kwa jambo hili muuguzi hakuwa na nafasi ya kusuluhisha.

Sehemu ya tatu ilikuwa moshi na uzee. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, lakini hayakumdhuru bibi, na kuyapinga siku ile kungetumia muda na uvumilivu uliohitajiwa kwingine. Muuguzi aliyaacha.

Sehemu ya nne ilikuwa jirani. Jambo hili lilikuwa la kweli. Upasuaji wa vikope hauondoi kovu ambalo tayari limo kwenye kioo. Mgonjwa anayekwenda akiona kidogo hurudi akiona kidogo. Nywele pia zinaweza kurudi. Tafiti hutofautiana, kutoka mgonjwa mmoja katika kila kumi hadi zaidi ya theluthi, kutegemea ustadi wa mpasuaji, ukali wa kope na muda uliopita. Jirani hakupofushwa na kisu. Inaelekea alichelewa, kisha nywele zilizorudi hazikushughulikiwa. Lakini mhudumu anayemwambia bibi kwamba jirani yake alikosea kuona alichokiona kwa macho yake hatasadikiwa katika jambo jingine lolote.

Makubaliano yenye tarehe

Muuguzi alianza na jambo la haraka. “Bibi, maji ya majani naomba uyaache leo. Jicho lako lina mkwaruzo, na maji hayo yanaweza kulioza. Nitakupa mafuta ya macho ya kutuliza mahali pake.” Alimpa mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, akamwonyesha mjukuu jinsi ya kuvuta kope ya chini na kuyapaka bila kugusa jicho kwa ncha ya tyubu. Kwa kuwa bibi alipewa kitu mahali pa kile alichonyang'anywa, hakubisha.

Kisha akarudi kwenye kibano. Alimwambia kwamba kung'oa kwake hakukuwa ujinga, ila kifaa hakikufaa. Alimpa kibano cha kituo ambacho midomo yake hukutana sawasawa, na akamfundisha mjukuu, kwa sababu bibi hawezi kuona unywele wake mwenyewe na mng'oaji lazima awe na macho mazuri ya karibu. Mjukuu alijifunza kusafisha mikono na kibano, kushika unywele karibu kabisa na ngozi, kuvuta taratibu kuelekea unakoota, na kutazama kama mzizi umetoka. Nywele huota tena baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa.

Mwisho akauzungumzia upasuaji, na hakuanza kwa kusifu faida zake. “Jirani yako alisema kweli,” alisema. “Upasuaji hautakurudishia mwanga uliokwisha kupotea, na nywele zinaweza kurudi. Kazi yake ni kuzuia kisizidi kupotea kilichobaki, na kuondoa maumivu.” Akaeleza hatua zake. Sindano ya ganzi huchomwa kwenye kope, nayo huuma kwa muda mfupi. Mpasuaji hukata kope milimita 3 hivi juu ya ukingo wake, huigeuza nje na kuishona. Jicho lenyewe halikatwi, na katika upasuaji huo huwekwa kinga kati ya kope na jicho. Bandeji hukaa siku moja, na nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya wiki 1 hadi 2.

Bibi alisema atafikiri. Muuguzi hakumshurutisha. Aliandika kwenye kadi tarehe ya kurudi baada ya wiki 4, na akataja dalili tatu ambazo zikitokea hasubiri tarehe: maumivu makali yanayozidi, jicho kuwa jekundu ghafla pamoja na uoni kupungua, au doa jeupe jipya kwenye kioo.

Kilichofuata

Baada ya wiki 4 bibi alirudi. Jicho la kushoto lilikuwa safi, nywele zake zimeng'olewa na mizizi. Maji ya majani alikuwa ameyaacha. Jicho la kulia lilikuwa na nywele 6 zilizoota tena, na ukungu wa kioo ulikuwa umeenea kidogo. Muuguzi alimchorea kwenye karatasi picha mbili za jicho hilo, ya siku ya kwanza na ya siku ile, ili atazame tofauti yeye mwenyewe akiwa na mjukuu.

Siku ile bibi alitoa sababu ambayo hakuitaja mwanzoni. Ulikuwa wakati wa kuvuna mtama. Akifungwa bandeji, nani angevuna, na nani angechota maji? Sababu hii si imani juu ya tiba, lakini hujificha nyuma ya imani, na mara nyingi ndiyo inayoamua. Walikubaliana kwamba upasuaji usubiri mavuno yaishe, jicho la kulia ling'olewe kila baada ya wiki 2, na mtoto wake wa kiume aje kituoni asikie maelezo yaleyale. Alikuja, aliuliza juu ya nauli na siku za kulala, akakubali kumsindikiza.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa kope ya kulia wakati wa kiangazi na mhudumu aliyefunzwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo. Baada ya miezi 6 alikuwa bado akihesabu vidole kwa mita 3, si zaidi. Jicho halikumwuma tena kwenye mwanga. Unywele 1 ulikuwa umerudi pembeni. Bibi hakushangaa wala hakulalamika, kwa kuwa alikwisha kuambiwa, na mjukuu aliung'oa. Kama angeahidiwa kuona vizuri, matokeo hayohayo yangekuwa hadithi ya pili ya kisu kisichofaa, na ingesimuliwa kisimani kwa miaka mingi.

Mahali ambapo njia hii haifai

Subira ya muuguzi iliwezekana kwa sababu kovu la trakoma huenda polepole. Ingekuwa kosa kumpa wiki 4 mgonjwa mwenye kidonda cheupe kwenye kioo na maumivu makali. Huyo hupewa rufaa siku hiyohiyo, na mazungumzo juu ya imani hufanyika njiani. Vivyo hivyo mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa kisu kwa ajili ya jicho lake, lakini haki hiyo haimruhusu kumkatalia mjukuu tiba ya maambukizi.

Yapo pia makubaliano yanayoshindwa. Mgonjwa akikosa tarehe mbili, kibano kimegeuka kuwa njia ya kuahirisha, na mhudumu inampasa kumtembelea nyumbani ahesabu nywele upya. Kwa sababu hiyo faili haliandikwi “amekataa” peke yake. Linaandikwa idadi ya nywele kwa kila jicho na mahali zilipo, hali ya kioo, uwezo wa kuona, sababu ya kukataa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kilichokubaliwa, na tarehe ya kurudi. Muuguzi mwingine akilifungua faili hilo mwaka mmoja baadaye, atajua kama kovu limesogea, na atajua pia kwamba mgonjwa huyu hakuogopa kisu bila sababu.